Sentensi moja, paneli tatu: nilivyoligawa bango la utafiti wangu wa mwani

Barua ya waandaaji wa kongamano ilitaka bango la A0, la wima, lenye paneli nne: utangulizi, mbinu, matokeo na hitimisho. Mimi nilikuwa Pemba na ripoti yangu nene ya utafiti, kongamano lilikuwa Unguja, na kila aliyewahi kupita njia hiyo alinambia kwamba tabu itakuwa kwenye kuchapa na kusafirisha. Kwangu hayo yalimalizwa na pesa na subira. Kilichonikosesha usingizi ni kugawa maneno: sentensi ipi ikae paneli ipi, na ipi isikae popote. Nayaandika haya kwa mwanafunzi aliyeshika barua ya namna hiyo sasa hivi na hajui aanzie wapi.

Kwanza nieleze utafiti wenyewe, maana mifano yote itatoka humo. Nilikuwa nalinganisha ukuaji wa mwani aina ya spinosamu katika njia mbili za kilimo. Moja ni ile ya vigingi na kamba kwenye maji mafupi, ambayo akina mama wa kwetu Micheweni wanaijua tangu zamani. Nyingine ni kamba zinazoelea kwa maboya kwenye maji ya kina. Nilikwenda nazo kuanzia msimu wa kaskazi, maji yakiwa ya moto, hadi kusi ilipoingia na maji yakapoa. Kwa ufupi, kamba za maji ya kina zilikua kwa kasi zaidi wakati wa kaskazi, na kusi ilipoingia tofauti ile ikapungua sana. Hayo tu ndiyo niliyoyapata. Lakini ripoti ilikuwa imeyazungusha kwa sura tano.

Ushauri niliopewa na wengi ulikuwa mwepesi: chukua aya nzuri kutoka kila sura, zipunguze, zibandike kwenye paneli yake. Sura ya kwanza iwe utangulizi, ya tatu iwe mbinu, ya nne matokeo, ya tano hitimisho. Niliufuata. Bango likajaa, na kila paneli ikionekana ina haki yake. Msimamizi wangu, ambaye sote tunamwita Maalim, aliliangalia muda mrefu bila ya kusema kitu, kisha akaweka kalamu juu ya sentensi moja katika paneli ya matokeo. Sentensi yenyewe ilikuwa hii:

"Kwa kupima uzito wa mafungu ya mwani kila baada ya bamvua mbili, iligundulika kwamba mwani wa maji ya kina hukua kwa kasi zaidi wakati wa kaskazi, kwa sababu maji ya kina hayapati joto kali kama maji mafupi."

"Hii umeiweka kwenye matokeo," akanambia. "Hebu nambie, matokeo yako yanaanzia neno gani na yanaishia neno gani?"

Nikasoma tena. Hadi neno "mbili" ni mbinu: nilipima nini na kila baada ya muda gani. Kuanzia "mwani wa maji ya kina" hadi "kaskazi" ni matokeo. Kuanzia "kwa sababu" ni tafsiri yangu, na mahali pa tafsiri ni hitimisho. Sentensi moja ilikuwa imebeba mizigo ya paneli tatu. Katika ripoti haina neno, kwa sababu msomaji anakwenda nayo ukurasa kwa ukurasa na anakumbuka ulikotoka. Mbele ya bango mtu husimama dakika chache, jicho lake huruka, na mara nyingi huanzia kwenye grafu. Akiikuta sababu ndani ya paneli ya matokeo ataidhania nayo imepimwa. Na mimi sababu ile sikuipima kama nilivyoidai.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kugawa bango ni kazi ya sentensi. Sura za ripoti hazisaidii kitu, kwa kuwa kila sura ina vipande vya nyenzake ndani yake.

Nilichofanya ni kuchapa muhtasari wangu mrefu, kama kurasa nne, kwa nafasi pana kati ya mistari. Kando ya kila sentensi nikaandika herufi: U kwa utangulizi, M kwa mbinu, T kwa matokeo, H kwa hitimisho. Swali la kutolea herufi ni moja kwa kila paneli. Sentensi inayosema jambo lilikuwa halijulikani, au kwa nini mtu ajali, ni U. Inayosema nilifanya nini kwa mikono yangu ni M. Inayosema niliona nini, bila ya kusema maana yake, ni T. Inayosema maana yake nini, kwa nani, na mwisho wake wapi, ni H. Sentensi iliyopata herufi mbili niliikata kwa mkasi mahali herufi zinapobadilika, hata kama kipande kilichobaki hakikuwa na kitenzi. Kitenzi utakitafuta baadaye. Iliyokosa herufi kabisa niliiweka pembeni kwenye bahasha, na bahasha ile ilinenepa kuliko nilivyotaraji.

Nitakiri kwamba iliniuma. Ndani ya bahasha iliingia aya yangu ya historia, jinsi kilimo cha mwani cha biashara kilivyoanza mwaka 1989 pwani ya mashariki ya Unguja na jinsi kilivyotia pesa mikononi mwa wanawake wa vijijini. Niliipenda aya ile kwa sababu ni habari ya mama zetu. Lakini nilipoiuliza inaelekea swali gani, haikuelekea swali langu. Mtu angeweza kuisoma yote na asijue kama nitazungumzia bei, magonjwa au ukuaji. Utangulizi wa bango hauna nafasi ya kumkaribisha mgeni kwa kahawa na halua. Una nafasi ya mambo matatu tu: tatizo, kisichojulikana, na swali. Wangu ulibaki hivi, na nauandika mzima ili uone urefu wake:

"Wakati wa kaskazi mwani wa maji mafupi hudhoofika na wakulima hupoteza mavuno. Kamba zinazoelea kwenye maji ya kina zimependekezwa kuwa njia mbadala, lakini katika eneo letu hazijalinganishwa na njia ya vigingi kwa misimu yote miwili. Swali: je, spinosamu hukua kwa kasi zaidi katika maji ya kina, na je, jibu ni lile lile kaskazi na kusi?"

Angalia maneno "katika eneo letu". Bila hayo ningekuwa nadai kwamba hakuna mtu duniani aliyewahi kulinganisha, jambo ambalo si kweli. Katika ripoti dai kama hilo hulindwa na kurasa kumi za mapitio. Kwenye bango linasimama peke yake, na maneno machache ya mpaka ndiyo ulinzi wake.

Baada ya herufi nikachukua kalamu za rangi, na hatua hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote. Kila kitu nilichokipima katika vipande vya M nilikipigia mstari wa rangi yake, kisha nikatafuta mwenzake katika vipande vya T. Uzito wa mafungu ulikuwa nao mwenzake, ile grafu. Idadi ya kamba ilikuwa nayo. Lakini M ilisema pia kwamba tulipima joto la maji kwa kipimajoto kila tulipoteremka pwani, na T haikuwa na neno hata moja juu ya joto. Mstari wangu ulikuwa na ncha moja.

Pengo kama hilo lina tiba mbili. Ama unakiondoa kipimo kwenye mbinu, ama unaleta matokeo yake. Nilipotaka kukiondoa nikakumbuka ile sababu iliyokuwa imejificha ndani ya sentensi aliyoiwekea kalamu Maalim, kwamba maji ya kina hayapati joto kali. Hoja ile ilikuwa inasimama juu ya kipimajoto kile. Nikiondoa joto, hitimisho langu linabaki bila ya mguu. Kwa hiyo joto likaingia kwenye grafu kama mstari wa pili. Na kwa vile tulipima asubuhi tu tulipokuwa pwani, bila ya kifaa cha kurekodi mchana na usiku, ilinilazimu sentensi ya hitimisho iseme kwamba matokeo "yanakubaliana na" maelezo ya joto. Neno "kwa sababu" likafutwa. Tofauti ya maneno hayo mawili ni tofauti ya kilichopimwa na kinachodhaniwa, na kalamu za rangi ndizo zilizonionesha.

Kazi kama hiyo hiyo nikaifanya kati ya U na H. Swali langu lina sehemu mbili: ni kasi ipi zaidi, na je jibu hubadilika kwa msimu. Hitimisho la mwanzo lilijibu sehemu ya kwanza na kuisahau ya pili, kisha likaongeza jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza, juu ya soko. La soko likaenda kwenye bahasha.

Paneli ya mbinu ndiyo inayowatesa wengi, kwa sababu kila ulichokifanya kina jasho lako ndani yake. Mimi nilitaka kutaja aina ya kamba, urefu wa vigingi, mizani tuliyoazima, hata namna tulivyokung'uta maji kwenye mwani kabla ya kupima. Kipimo cha kubakisha au kutoa ni kuuliza: msomaji akikikosa hiki, ataisoma vibaya nambari yangu? Aina ya kamba ikatoka. Kukung'uta maji kukabaki kwa maneno manne, kwa sababu mwani ukipimwa unachuruzika na ukipimwa umechuja, uzito haulingani.

Mambo mawili yaliingia ambayo awali sikuwa nayo. La kwanza ni kanuni ya kasi ya ukuaji:

```
DGR (%) = [(Wt / W0)^(1/t) - 1] × 100
```

DGR ni kasi ya ukuaji kwa siku, W0 ni uzito wa kuanzia, Wt ni uzito wa mwisho, na t ni idadi ya siku. Nilikuwa nimeiacha kwa kuona kwamba bango halipendi hesabu. Maalim akanipa fungu la kubuni: limeanza na gramu 100, baada ya siku 28 lina gramu 200. Kwa kanuni hii kasi yake ni kama asilimia 2.5 kwa siku. Lakini mtu mwengine atasema limeongeza asilimia 100 kwa siku 28, agawe, apate asilimia 3.6 kwa siku. Fungu ni hilo hilo. Basi msomaji atakayelinganisha nambari yangu na ya mtafiti mwengine bila ya kujua nimetumia hesabu gani atapotea kabisa. Kanuni ikarudi, mstari mmoja, ndani ya mbinu. Isiwekwe kwenye matokeo, kwa sababu kule jicho linatafuta jibu.

La pili ni kina. Niliandika "maji ya kina cha mita tatu" nikaona nimemaliza. Mvuvi mmoja aliyekuwa akituvusha kwa chombo chake ndiye aliyeuliza, "Mita tatu maji yakiwa wapi?" Bahari yetu wakati wa bamvua huweza kupanda na kushuka kiasi cha mita nne, kwa hiyo mita tatu bila ya kutaja wakati haielezi kitu. Nikaandika "mita tatu maji yakiwa yamekupwa, bamvua". Mtafiti wa mwani yeyote angeliuliza hilo hilo mbele ya bango, na ni bora likajibiwa na paneli.

Kwenye matokeo nilijiwekea kanuni moja: neno lolote la sababu haliingii. "Kwa sababu", "hivyo", "inaonesha umuhimu wa", yote nje. Kilichobaki ni kichwa, grafu na sentensi tatu. Kichwa nacho nilikibadilisha. Badala ya neno "Matokeo" peke yake niliandika "Matokeo: maji ya kina yaliongoza kaskazi, tofauti ikapungua kusi". Mtu akisoma kichwa tu na kuondoka, ameondoka na kitu. Jadweli la uzito wa kila fungu, ambalo katika ripoti lilichukua ukurasa mzima, halikuingia. Nililichapa kwenye karatasi za A4 nikaziweka kwenye bahasha chini ya bango kwa anayetaka.

Kuna jambo moja la mpakani ambalo sikuliona likielezwa popote. Baadhi ya kamba zangu zilikatika na kuchukuliwa na mkondo. Je, hilo ni mbinu au matokeo? Wengi hulificha kwenye mbinu kwa kuandika idadi iliyobaki kana kwamba ndiyo waliyoanza nayo. Mimi niliamua hivi: idadi niliyoifunga ni mbinu, kwa sababu ni mpango wangu. Idadi iliyofika mwisho ni matokeo, kwa sababu ni bahari iliyoamua, na ikaandikwa chini ya grafu pamoja na maelezo ya vile vistari vya juu ya kila nukta vinapima nini. Na kwa kuwa kamba zilizopotea nyingi zilikuwa za maji ya kina, habari hiyo ni matokeo yenye uzito kwa mkulima. Kuificha kungekuwa kumdanganya.

Hitimisho niliandika mara ya mwanzo kwa kujiamini: "Wakulima wanashauriwa kuhamia maji ya kina." Nikampelekea shangazi yangu, ambaye amelima mwani miaka mingi na anasoma Kiswahili chake vizuri. Nilimpa paneli nne zilizokatwa kwenye karatasi tofauti, bila ya vichwa, nikamwomba azipange kwa mfuatano. Alizipanga sawa. Kisha akaichukua ya mwisho.

"Mwanangu, hapa unatwambia tuhame. Chombo nani katupa? Na kuogelea je, tunajua wangapi?"

Nikamwambia, "Shangazi, mimi nimepima ukuaji tu."

"Basi sema umepima ukuaji."

Alikuwa amegusa pale pale. Pendekezo langu lilikuwa limeruka kutoka kasi ya ukuaji hadi maisha ya watu, na katikati hapakuwa na kipimo chochote cha gharama, cha usalama wala cha nani anaweza kufika huko. Hitimisho la bango lina mambo matatu halali: jibu la swali, mpaka wa jibu, na hatua inayofuata kwa kadiri jibu linavyoruhusu. Nililiandika upya. Jibu: kaskazi ndiyo, kusi tofauti ni ndogo. Mpaka: eneo moja, mwaka mmoja, joto limepimwa asubuhi tu, na kamba nyingi zaidi zilipotea kwenye kina. Hatua: kabla ya kushauri wakulima kuhama, zipimwe gharama za chombo na maboya pamoja na usalama wa wanawake wasiojua kuogelea. Lilikuwa hitimisho dogo kuliko la kwanza, lakini shangazi aliliridhia.

Sasa nafasi. Maneno yalipokuwa tayari yamegawika ndipo nilipochukua rula, na nakushauri ufuate mpango huo, maana ukianza na masanduku utaandika ili uyajaze. Karatasi ya A0 ni milimita 841 kwa 1189. Kwa wima, ukiacha pambizo ya milimita 40 kila upande na uwazi wa 30 katikati, unapata safu mbili za milimita 365 hivi. Utangulizi na mbinu nikaviweka juu, sambamba, kila kimoja na urefu wa milimita 270. Matokeo yakachukua upana wote katikati, urefu wa milimita 370. Hitimisho likakaa chini yake, upana wote, milimita 150. Shukrani na anwani zikabanwa ukingoni kabisa.

Ukijua ukubwa wa paneli unaweza kujua idadi ya maneno kabla ya kufungua kompyuta. Herufi za pointi 32 zina mstari wenye urefu wa kama milimita 13 na nusu. Paneli ya juu, ukitoa kichwa na uwazi wa ndani, inabakia na mistari kama 15. Mstari mmoja unachukua maneno manane hivi ya Kiswahili. Basi maneno 120 ndiyo kikomo, na ukitaka msomaji apumue, ishia 90. Hesabu hii ilinimalizia ubishi na nafsi yangu. Kila nilipotaka kurudisha kitu kutoka kwenye bahasha, nilijua kuna kitu lazima kitoke.

Hitimisho lina tatizo lake kwenye bango la wima. Likitundikwa ukingo wake wa juu ukiwa mita 1.9 kutoka sakafuni, paneli ya chini inaangukia kiunoni mwa msomaji, na watu hawapendi kuinama mbele za wenzao. Wapo wanaolipandisha hitimisho juu kabisa kulia. Sikupenda hivyo, kwa sababu anayetoka kwenye utangulizi kwenda kulia anakutana na jibu kabla ya kujua limepatikanaje, na mpangilio unamchanganya. Nililiacha chini, nikalikuzia herufi hadi pointi 40, na nikaligawa ndani kwa safu mbili ili mistari isiwe mirefu mno. Kile kichwa cha matokeo chenye jibu ndani yake, kilicho usawa wa kifua, ndicho kinachomfidia asiyeinama.

Kwenye PowerPoint kuna mtego unaovuruga mgawanyo huu wote kimya kimya. Weka ukubwa kwanza kupitia `Design > Slide Size > Custom Slide Size`, sentimita 84.1 kwa 118.9, kabla ya kuandika neno lolote. Kisha kwa kila kisanduku cha maandishi chagua `Do not Autofit`. Usipofanya hivyo, `Shrink text on overflow` huweza kuwa imewashwa, na maandishi yakizidi programu huyapunguza yenyewe yaenee. Mbinu yako inakuwa pointi 27, utangulizi 32, nawe huoni kwenye skrini kwa sababu kila kitu kimekaa vizuri. Dalili yake ni kwamba paneli moja inaonekana nzito kuliko nyengine. Bonyeza ndani ya kila moja usome ukubwa wa herufi.

Kipimo cha mwisho hakina gharama: chapa bango lote kwenye A4 moja. A0 ni mara nne ya A4 kwa urefu na kwa upana, kwa hiyo pointi 32 zinakuwa 8. Kama unaisoma karatasi ile mkononi bila ya kukunja uso, watu watalisoma bango ukutani. Rafiki yangu mmoja aliipitisha yake kwa namna hii akaona maandishi ya chini ya grafu hayasomeki, akayaokoa usiku ule ule.

Kuchapa kulinigharimu karibu sawa na nauli yangu ya boti kutoka Mkoani hadi Unguja, kwenda na kurudi, na sikuwa na pesa ya kuchapa mara ya pili. Kwa hiyo nilipeleka faili la PDF badala ya la PowerPoint. Kompyuta ya dukani ikikosa fonti yako hutia nyengine, mistari inarefuka, na sentensi ya mwisho ya paneli inamwagikia kwenye ya chini yake. Nilifungua PDF ile hapo hapo dukani na kusoma neno la mwisho la kila paneli kabla ya kuruhusu plota ianze. Ukiona maneno ya mwisho yako mahali pake, ya katikati nayo yapo.

Siku ya maonesho nilisimama kando nikaangalia macho ya watu. Wengi walianzia kwenye grafu, wakapanda kwenye swali, na wachache wakashuka hadi hitimisho. Waliosoma mbinu walikuwa ni wale waliotaka kubishana, na hao ndio niliowapenda, maana waliniuliza mambo ya baharini. Mmoja alitaka kujua kwa nini sikujaribu kotonii, aina nyengine ya mwani ambayo bei yake ni nzuri zaidi. Mwengine alinyoosha kidole kwenye idadi ya kamba zilizopotea na kuniuliza zilipotea mwezi gani. Jibu la huyu wa pili nilikuwa nalo kwenye jadweli la bahasha, nikampa karatasi. Kwenye toleo jipya la bango nimeongeza mwezi huo chini ya grafu, maneno matatu, na ili yapate nafasi nimetoa jina la mizani kwenye mbinu.